Variance: Kitelezi Kilichopatanisha Uso na Shingo

Wapigapicha wa Umoja, Kayole, Donholm na Buruburu, wekeni chai chini. Kama umewahi kumwangaza mteja uso, ukamrudishia picha, kisha akakuuliza mbona shingo ni ya mtu mwingine, habari hii ni yako. Ndani ya Lightroom, kwenye sehemu iitwayo `Point Color`, mwaka 2025 kiliongezwa kitelezi kimoja kidogo kinachoitwa `Variance`. Nimekifungua, nimekivuta kushoto, na nikakaa nikitazama shingo na kifua vikirudi kwa mwenyewe. Kushoto kinazikusanya rangi zinazofanana na ile uliyoichota, kulia kinazitawanya. Basi! Kitu ambacho tumekuwa tukikipapasa kwa brashi usiku kucha sasa kinaanza na mvuto mmoja wa kidole.

Naona umeshatabasamu, ngoja. Hakifanyi kazi yote, na ukikitumia vibaya kinaharibu kuliko kutengeneza. Ila kikikaa mahali pake katika mpangilio wa kazi, ni kitamu ajabu. Acha nikupitishe mle nilimopita mimi.

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe. Mitaani wana utani wao: uso Fanta, mwili Coca. Utani huo ulizaliwa kwa ajili ya mkorogo, lakini siku hizi unamfaa hata mtu ambaye hajawahi kugusa krimu yoyote, kwa sababu simu imemfanyia. Kamera nyingi za simu zina hali ya urembo inayotafuta uso, kuung'arisha na kuulainisha, kisha inaishia kwenye taya. Programu za kurembesha picha hufanya vivyo hivyo. Shingo, masikio na kifua vinabaki vilivyokuwa. Mtu akiwa amevaa shati lenye kola huoni kitu. Akivaa gauni la kitenge lililokatwa kifua wazi, mpaka unaonekana hata kutoka ng'ambo ya Jogoo Road.

Na jua letu linazidisha. Nairobi iko karibu kabisa na Ikweta, kwa hiyo Machi na Septemba, ikifika kama saa sita na nusu mchana, jua linakuwa karibu moja kwa moja juu ya utosi. Kidevu kinaitupia shingo kivuli kizito, huku kifua kikipokea mwanga wote. Ongeza udongo mwekundu wa Kayole unaorudisha mwanga wa rangi ya matofali chini ya kidevu, au hema la ruracio lenye kitambaa cha kijani, na tayari una shingo yenye rangi yake, kifua chenye rangi yake, na uso ambao simu imeuosha. Sehemu tatu, mtu mmoja.

Kosa ambalo karibu kila studio hufanya hapa ni kudhani tofauti hiyo ni ya mwanga peke yake. Uso ni mweupe zaidi, shingo ni nyeusi zaidi, basi tuiangaze shingo mpaka zilingane. Ukifanya hivyo kwa ngozi zetu, shingo inageuka kijivu, kama imepakwa majivu. Sababu ni kwamba ngozi ina mambo matatu kwa pamoja: nuru yake, aina ya rangi yake, na uzito wa rangi hiyo. Ukiinua nuru bila kugusa uzito, rangi inaonekana imefifia, hasa kwenye ngozi nyeusi ambayo utamu wake wote uko kwenye hudhurungi iliyokolea.

Na hapa ndipo penye siri ya kazi hii yote, siri ambayo `Variance` imenifanya niione waziwazi: rangi zilingane, nuru isilingane. Shingo inatakiwa kuwa nyeusi kuliko uso, kwa sababu iko chini ya kidevu. Ukiifanya iwe sawasawa na uso, kichwa kinaonekana kimebandikwa. Swali la maana ni tofauti ya nuru iwe kiasi gani, na jibu lake liko ndani ya picha ya kwanza, ile ambayo haijaguswa. Pima tofauti iliyokuwepo kabla ya kuhariri, kisha irudishe. Hata kama mteja anataka uso uangaze, umbali kati ya uso na shingo ubaki ule ambao jua lenyewe liliuweka.

Sasa tuingie kwenye picha halisi. Ruracio, Kayole, bi harusi mtarajiwa amevaa kitenge cha kifua wazi na mkufu wa dhahabu, amesimama kwenye udongo mwekundu. Uso ulikuwa umeshapitishwa kwenye programu ya simu na dada yake. Mama mtu ndiye aliyekuja studio, akaweka simu mezani.

“Kijana wangu, nataka hii tuiweke kwenye fremu sebuleni. Lakini wageni watauliza kichwa tulikiazima wapi.”

“Mama, ile ya kwanza kabla haijaangazwa bado mnayo?”

“Iko. Lakini huyo msichana hataki kurudi kule kwa kwanza. Anasema aangaze, kidogo tu.”

Hilo ndilo ombi la kawaida, na ni la haki. Kazi ni kumpa hiyo “kidogo tu” mwili mzima. Nikamwomba anitumie picha zote mbili kwa WhatsApp kama hati, si kama picha. Ukituma kama picha, WhatsApp inaipunguza na kuibana, na mbano huo unaumiza rangi kuliko unavyoumiza nuru. Kwenye mpaka wa taya, ambako rangi mbili zinakutana, unabaki na vijisanduku vya rangi ambavyo hakuna kitelezi kitakachoviondoa. Ukituma kama hati, faili inafika ilivyo.

Kwenye Lightroom Classic, bofya kulia juu ya ule mchoro wa histogramu na uchague kuonyesha thamani za Lab. Kuanzia hapo, kila unapopitisha kishale juu ya ngozi unapata namba tatu. L ni nuru, kutoka 0 hadi 100. Kwa ngozi, a inakuonyesha wekundu na b inakuonyesha umanjano. Hizo tatu zinakutosha, na zinamaliza ubishi wa “kwangu skrini inaonyesha tofauti”.

Picha ya kwanza ilisema hivi: shavu upande wa mwanga, L 46. Shingo, L 39. Kifua, L 43. Kwa hiyo jua la Kayole siku hiyo liliweka tofauti ya 7 kati ya uso na shingo, na 3 kati ya uso na kifua. Kwa upande wa rangi, zote tatu zilikuwa majirani: a ikicheza kati ya 14 na 15, b kati ya 19 na 21.

Picha iliyorembeshwa ikasema mengine. Shavu lilikuwa limeruka hadi L 58. Shingo bado 39. Tofauti ya 7 imekuwa 19! Na tazama rangi: a ya uso imeanguka hadi 9, b hadi 11. Yaani uso haukuangazwa tu, uliporwa rangi, na umanjano ukaporwa zaidi kuliko wekundu, ndiyo maana ulikuwa na ile pinki ya ajabu. Hakuna kiasi cha kuangaza shingo ambacho kingeponya hilo.

Nilianza na nuru, kwa sababu ukiigusa nuru uzito wa rangi nao unasogea, na hutaki kufanya kazi ya rangi mara mbili. Fungua `Masking`, chagua `People`, mchague mtu wako, kisha tia alama kwenye `Face Skin` kwa maski ya kwanza na `Body Skin` kwa maski ya pili. Programu inatenga ngozi ya uso na ngozi ya mwili yenyewe. Midomo, meno na nywele zina sehemu zao kwenye orodha hiyo, kwa hiyo lipstiki ya bi harusi haiguswi. Washa ile rangi nyekundu inayoonyesha maski imefika wapi na uikague kwenye masikio, kwenye mkufu na kwenye ukingo wa kitenge. Palipokosewa, ongeza au toa kwa brashi. Masikio ndiyo yanayosahaulika kuliko vyote: picha nyingi za mtaani zina uso mmoja, shingo iliyorekebishwa vizuri, na masikio mawili ya mwaka jana.

Halafu, badala ya kuusukuma mwili wote upande hadi kwenye ule uso wa simu, nilizikutanisha njiani. Uso nikaushusha kwa `Exposure` −0.35, ukatua L 52. Mwili nikaupandisha +0.40, shingo ikafika 44 na kifua 49. Hesabu tena: uso na shingo, 8. Uso na kifua, 3. Karibu kabisa na jua lilivyosema mwanzoni, na bado msichana ameng'aa kuliko picha ya kwanza. Kama angekuwa amevaa mikono mifupi na ameshika maua, mikono nayo ingepanda na mwili, na hiyo ni sawa. Unatengeneza mtu mzima, si shingo peke yake.

Kisha ikaja ile sehemu iliyonifanya nipige meza. Tengeneza maski ya tatu yenye `Face Skin` na `Body Skin` kwa pamoja, katika maski moja, si mbili tofauti. Ndani yake fungua `Point Color`, chukua kile kijibomba cha kuchota rangi, na uchote kwenye kifua, pale ngozi ilipo na mwanga mzuri bila kung'aa. Usichote usoni, kwa sababu uso ndio mgonjwa. Usichote shingoni, kwa sababu pale kuna wekundu wa udongo. Kifua kwa kawaida ndicho shahidi mwaminifu kuliko wote: hakikurembeshwa, na hakiko kivulini.

Bonyeza `Visualize Range`. Picha yote inageuka ya kijivu isipokuwa zile rangi zitakazoguswa. Ukiona nusu ya uso imebaki kijivu, ina maana uso umeporwa rangi kiasi kwamba programu haiutambui tena kuwa jamaa wa kifua, basi panua `Range` kidogo kidogo hadi uingie. Na kwa kuwa uko ndani ya maski, kitenge cha hudhurungi na ukuta wa nyuma haviguswi hata ukipanua sana. Hapo ndipo uzuri wa kuwa na vitu viwili kwa pamoja unapoonekana.

Sasa vuta `Variance` kushoto. Taratibu. Kwenye −20 pinki ya uso ikaanza kukubali kushindwa. Kwenye −40, jamani! Uso ukasoma a 12, b 16. Shingo a 14, b 19. Mpaka wa taya ukazama. Si kwamba namba zilikuwa sawa kabisa, la, lakini jicho halikuwa tena na mahali pa kukwamia. Uso ulibaki na pinki kidogo, nikaimaliza kwa kusogeza rangi ya maski ya uso peke yake kuelekea kwenye manjano, mguso mdogo tu.

Nilijaribu pia kuvuta hadi mwisho, maana nani asingejaribu? Ngozi inageuka plastiki. Wekundu wa shavu unakwenda, weusi laini chini ya macho unakwenda, ule uhai wa mfupa wa mtulinga unapungua. Ngozi ya mtu hai ina rangi nyingi zilizo karibu. Ukizifanya moja umemuua. Dalili ya kwanza kwamba umepita ni shavu na paji la uso kuwa na rangi ile ile kabisa. Ukiiona, rudi nyuma mpaka zitofautiane tena.

Kuna vipimo viwili vya haraka ambavyo sasa sitoi picha bila kuvifanya. Cha kwanza ni cha rangi: panda kwenye `Saturation` ya picha nzima na uisukume hadi +100 kwa muda. Picha inakuwa mbaya kweli, lakini ubaya huo unasema kweli. Kama uso unalipuka pinki na shingo inalipuka machungwa, bado hujamaliza. Kama vyote vinalipuka machungwa ya aina moja, umefika; rudisha 0. Cha pili ni cha nuru: bonyeza herufi `V` na picha inakuwa nyeusi na nyeupe. Hapo rangi haiwezi tena kukudanganya, na unaona kama shingo imekaa kivulini kwa heshima au imekatwa kwa wembe kwenye taya. Bonyeza `V` tena kurudi.

Je, ni kitu kipya kabisa duniani? Hapana, na wakongwe wataniambia. Capture One ina vitelezi vya kulinganisha ngozi kwenye kihariri chake cha rangi kwa miaka mingi, tena vitatu vilivyotenganishwa, cha aina ya rangi, cha uzito na cha nuru, na mgawanyo huo ni wa kupendeza. Photoshop ina `Match Color` tangu ilipoitwa CS mwaka 2003: unachagua uso, unachagua shingo, inabeba rangi ya huku na kuipeleka kule. Lakini `Match Color` hubeba na nuru pia, ndiyo maana watu wengi waliijaribu, wakapata kichwa kilichobandikwa, wakaiacha. Kinachonifurahisha hapa ni kwamba kazi ya rangi na maski ya ngozi viko chumba kimoja, juu ya faili ile ile, na unaweza kurudi kesho ukabadilisha −40 kuwa −30 bila kuanza upya.

Na siku ya ruracio huna picha moja, una mamia. Unaweza kunakili mpangilio wote kwenye picha nyingine na maski za `People` zitamtafuta mtu upya katika kila picha. Hapa nakuonya tu: gawanya picha kwa mwanga kabla ya kunakili. Zile za chini ya hema zikae peke yake, zile za juani peke yake. Rangi uliyoichota kifuani juani siyo rangi ya kifua hicho hicho chini ya kitambaa cha kijani, na ukinakili bila kutenganisha utaivuta ngozi kuelekea kwenye rangi ambayo haipo kwenye picha hiyo.

Kuna mahali kitelezi hiki kinashindwa kabisa. Fandesheni iliyorudisha mwanga wa flashi ikafanya uso kuwa mweupe uliokatika: pale hakuna rangi iliyobaki ya kuvuta, na ukivuta unapata doa. Uso uliolainishwa na simu mpaka vinyweleo vikapotea: rangi italingana, lakini shingo itakuwa na ngozi na uso hautakuwa nayo, na jicho litalijua hilo. Kwa picha kama hizo, omba ile ya kwanza na uanze nayo. Kwa kweli, mteja akiwa nayo, anza nayo kila mara. Kumwangaza mtu mzima kutoka mwanzo ni rahisi kuliko kupatanisha.

Kwa asiyelipia Lightroom, wazo lenyewe linahamishika. Snapseed, ambayo ni ya bure, ina brashi yenye `Exposure`, `Temperature` na `Saturation`. Paka `Exposure` +0.3 kwenye shingo, masikio na kifua, kisha papo hapo `Saturation` +5 juu yake ili majivu yasitokee, na ukipaona pamepoa mno ongeza `Temperature` +5. Hutapata namba za Lab wala `Variance`, na utaenda kwa jicho. Lakini kanuni ile ile inakulinda: acha kivuli cha kidevu kiwepo, rudisha rangi.

Uamuzi wangu? Kwa studio inayoishi kwa ruracio, mahafali na picha za fremu, hiki ndicho kitelezi cha kujifunza wiki hii, kabla ya kununua taa nyingine. Anza na −30, usizidi −50 kwa ngozi ya mtu, chota rangi kifuani, shughulikia nuru kwanza, na pima tofauti kwenye picha ambayo haijaguswa. Yule mama alichapisha yake, na alipoiona karatasini alisema neno moja tu: “Huyu sasa ni wangu.”